Nani Kasema? Kufupisha Maoni ya Wenzake Bila Kumwanika Aliyeyatoa

Mwenyekiti, ndugu zangu maofisa rasilimali watu, nanyi washauri mnaoitwa kwenye taasisi za watu kufanya kazi hii, asanteni kwa nafasi. Nimeombwa nizungumzie tathmini ya digrii 360, ile ambayo mtu hutolewa maoni na msimamizi wake, wenzake na walio chini yake. Sitaizungumzia yote. Nachukua kipande kimoja tu, kile kinachoanza pale madodoso yanaporudi na kuishia pale mtathminiwa anapokabidhiwa ripoti yake. Hapo katikati ndipo watu huanikwa, na wengi huanikwa na wakusanyaji waangalifu kabisa, ambao walikwisha kufuta majina yote.

Nianze na ahadi, kwa sababu makosa mengi huzaliwa hapo. Tunawaandikia watu: "Maoni yako hayatajulikana ni yako." Halafu tunawatumia kila mmoja kiungo chake, tunaona nani kajibu na nani hajajibu, na wiki ya pili tunawakumbusha wale wasiojibu kwa majina yao. Sasa hapo mtu hajulikani na nani? Mkusanyaji anamjua. Kwa hiyo ahadi ya kweli ni ya usiri: mimi ninajua, wala sitasema. Iandikwe hivyo hivyo, na iandikwe pia kwamba alama za msimamizi wa moja kwa moja zitaonekana ni zake, maana yuko mmoja tu na hakuna pa kumficha. Msimamizi akilijua hilo mapema, ataandika kama mtu anayeweka sahihi. Akiligundua baadaye, mwaka unaofuata hatupati neno la maana kutoka kwake.

Na kuna jambo la tatu la kuandika katika barua ile ya mwaliko: maoni ya aina gani hayapitii njia hii. Mtu akieleza wizi, unyanyasaji wa kijinsia au hatari kwa usalama wa wafanyakazi, muhtasari wa tathmini si mahali pake. Anapaswa kujua kabla ya kuandika kwamba habari ya namna hiyo ina mlango wake, na ni upi. Ukisubiri hadi uisome ndipo ufikirie cha kufanya, utavunja ahadi moja au nyingine.

Je, usiri huu una faida, au tunajisumbua bure? Mwaka 1994 mtafiti David Antonioni alichapisha utafiti uliowalinganisha wafanyakazi waliowapa wakubwa wao alama huku majina yao yakionekana, na wengine ambao majina yao hayakuonekana. Wale waliojulikana walitoa alama za juu zaidi. Lakini upande wa pili wa matokeo hayo ndio ninaoupenda: wakubwa wenyewe waliyapokea vizuri zaidi maoni yenye majina. Yaani anayetoa maoni na anayeyapokea wanataka vitu viwili vinavyopingana. Mtathminiwa atakapoketi mbele yenu na kusema, "Niambieni tu ni nani, nimwelewe," huenda hana ubaya wowote. Anataka muktadha. Kazi yenu ni kumpa muktadha wa kutosha pasipo mtu ndani yake.

Sasa tuingie kwenye kisa. Ni cha kutunga, ila hesabu zake ni za kweli na mnaweza kuzirudia kwa kalamu.

Mtathminiwa ni mkuu wa kitengo cha ununuzi. Walioombwa maoni ni msimamizi wake mmoja, wakuu wenzake wanne na wafanyakazi watano walio chini yake. Msimamizi alijibu, na wale watano walijibu wote. Kati ya wakuu wenzake wanne walijibu wawili tu, mmoja wa fedha na mwingine wa ghala. Wale wengine, mmoja yuko likizo na mwingine ni mgeni, amesema wazi kwamba hamjui mtathminiwa vya kutosha.

Taasisi hii ina kanuni inayotumika mahali pengi: kundi lenye majibu chini ya matatu halionyeshwi peke yake. Basi ripoti ikaandaliwa. Kwenye kauli "Husikiliza kabla ya kuamua," kwa kipimo cha 1 hadi 5, msimamizi ametoa 4. Walio chini yake, wastani 4.0. Wakuu wenzake, pakaandikwa "majibu hayatoshi." Na chini kabisa, kwa sababu mfumo umezoea kuiweka, wastani wa wote wanane: 3.4.

Mtathminiwa ni mtu wa ununuzi, hesabu ndiyo kazi yake. Anazidisha 3.4 kwa 8, anapata 27.2. Alama ni namba kamili, hivyo jumla yenyewe ni 27. Hakuna namba kamili nyingine ambayo ukiigawa kwa 8 na kukadiria kwa desimali moja itakupa 3.4. Anatoa 4 ya msimamizi, anatoa 20 ya wale watano. Inabaki 3. Wakuu wawili wamegawana alama 3, na alama ya chini kabisa ni 1, kwa hiyo mmoja kampa 1 na mwingine kampa 2. Anajua ni wakuu gani waliojibu, kwa sababu aliwapendekeza yeye mwenyewe na anajua nani yuko likizo. Kanuni ya watatu imefuatwa bila kasoro, na watu wawili wameanikwa mchana kweupe.

Wanaotunza takwimu za taifa wanaujua ugonjwa huu tangu zamani. Wakificha namba moja kwenye jedwali lenye jumla, huficha na ya pili, ili ya kwanza isirudi kwa njia ya kutoa. Sisi tuna njia mbili. Ya kwanza ni kuondoa wastani wa wote, na mimi nauondoa daima. Namba inayochanganya msimamizi, wenzake na walio chini haimwambii mtu kitu kizuri cha kufanyia kazi. Ya pili ni kuunganisha makundi. Wale wakuu wawili na wale watano wanakuwa kundi moja la "wafanyakazi wenzake na walio chini yake," watu saba, jumla ya alama 23, wastani 3.3. Hapo hata akitoa ya msimamizi hapati lolote jipya.

Lakini kuunganisha kuna gharama, na msiifiche. Katika kisa hiki habari kubwa kuliko zote ilikuwa kwamba watu wa chini wanamwona anasikiliza, ila wakuu wenzake hawamwoni hivyo. Tukiunganisha, habari hiyo inazama ndani ya 3.3. Ukiniuliza mimi, nitakubali izame. Wapo wenzangu wanaosema ripoti isiyosema hilo ni karatasi tu. Jibu langu ni kwamba dawa ilikuwa mwanzoni: kuita wakuu sita badala ya wanne, ili hata wakikosekana wawili au watatu kundi libaki na watu wa kutosha. Baada ya majibu kuingia umechelewa, kilichobaki ni kuchagua hasara.

Na hata kundi kubwa halikuokoi watu wakikubaliana. Wafanyakazi watano wote wakitoa 1, wastani ni 1.0, na mtathminiwa anajua alama ya kila mmoja wao pasipo kuhesabu. Kwa hiyo msiangalie idadi ya waliojibu peke yake, angalieni na alama zenyewe. Namba inapogonga sakafu au dari, mimi huiondoa, na kwenye maelezo naandika kwamba eneo hilo limeonekana dhaifu au imara. Vilevile sionyeshi alama ya juu na ya chini kwa makundi madogo. Kati ya watu watatu, ukitaja ya juu, ya chini na wastani, umetaja zote tatu.

Kuna na jibu linalochelewa. Ripoti imetoka, watu saba, wastani 3.3. Kesho yake mkuu aliyekuwa likizo anarudi na kujaza dodoso, na mtathminiwa mwenyewe anaomba liongezwe. Ripoti ya pili inasema watu wanane, 3.0. Saba mara 3.3 ni 23.1, yaani jumla ya 23, nane mara 3.0 ni 24, tofauti ni 1, na aliyetoa 1 ni yule aliyerudi likizo. Siku ya kufunga ikifika, fungeni. Jibu la baadaye lisubiri mzunguko mwingine.

Kuhusu namba, yatosha. Maneno ndiyo magumu, na ndiyo yenye thamani kubwa zaidi kwa anayepokea.

Katika kisa chetu, kwa swali la "Afanye nini tofauti?" yaliingia maoni kama haya. La kwanza: "Siku ya kufunga mahesabu ya robo mwaka alinikatiza mbele ya wakaguzi, akaniambia hilo si langu." La pili: "Ni mtu mwema, ila akishaamua kaamua. Ukileta hoja baadaye atakwambia hilo tulikwisha kulimaliza." La tatu: "Vikao vya Jumatatu, mimi ninayeungana kwa simu huwa sipati hata zamu ya kusema." La nne: "Maamuzi ya wauzaji hupitishwa kabla sisi hatujaleta taarifa za bei." La tano: "Nilipofiwa na mama alinipa wiki mbili bila maswali, sitamsahau."

Njia rahisi ni kuyanakili kama yalivyo, kwa mpangilio mwingine, bila majina. Kila mtu mezani hapa ameshamtambua wa kwanza, maana aliyeketi na wakaguzi ni mmoja. Wa tatu pia. Na wa tano? Wengi huliacha hilo kama lilivyo kwa sababu ni sifa, na sifa haimdhuru mtu. Hebu angalieni tena. Mtathminiwa anajua ni nani aliyefiwa. Akishajua kwamba huyo ndiye aliyeandika hilo tamu, na kwamba maneno yaliyofuata kwa mwandiko uleule ni matamu pia, amemtoa kwenye orodha ya washukiwa. Waliobaki wamepungua. Kila sifa inayotambulika inawasukuma wakosoaji kwenye kona ndogo zaidi, kwa hiyo sifa zisafishwe kwa ukali uleule.

Mimi hufanya hivi. Kwanza nakata kila jibu vipande, wazo moja kipande kimoja, na kila kipande nakipa namba ya siri ya mtu aliyekitoa. Namba hiyo ninaihitaji kwa jambo moja tu: nijue wazo limetoka kwa watu wangapi. Mtu mmoja mwenye hasira anaweza kuandika jambo lilelile kwenye maswali manne, na usipoangalia utaandika "wengi wamesema." Orodha inayounganisha namba na majina inakaa kwenye faili jingine, na ninapoandika sijaifungua.

Kisha napanga vipande kwa wazo, si kwa mtu wala kwa swali. Hapo ndipo mwandiko wa mtu unavunjika. Maoni manne ya kwanza yanakutana mahali pamoja, yote yanazungumzia nani anasikika kabla ya uamuzi na nini kinatokea kwa hoja inayokuja baadaye. Ndipo naandika kwa maneno yangu:

"Watoa maoni kadhaa wanaona kwamba maamuzi hufikiwa kabla ya wote wanaohusika kusikika, hasa wale ambao hawako karibu nawe wakati huo. Hoja inayokuja baada ya hapo hufungwa haraka, mara nyingine mbele ya watu wengine, na hilo huwafanya waache kuleta taarifa ambazo zingebadilisha uamuzi."

Tazameni kilichotoka na kilichobaki. Wametoka wakaguzi, Jumatatu, simu, wauzaji na bei. Imetoka kauli ya "tulikwisha kulimaliza," maana kauli ya mdomoni mwa mtathminiwa humkumbusha siku aliyoisema na aliyeambiwa. Kimebaki kitendo, hali kinamotokea, na matokeo yake kwa kazi. Hivyo vitatu ndivyo anavyohitaji ili abadilike. Tarehe na jina la kikao hazimsaidii kubadilika, zinamsaidia kukisia. Na "mbele ya watu wengine" nimeiacha kwa makusudi, kwa kuwa kukatizwa hadharani ni kosa tofauti na kukatizwa faraghani, na nikiliondoa nitakuwa nimeandika ukungu.

Ukungu ndio kosa la upande wa pili, nami huliona mara nyingi zaidi kuliko uvujaji. Mtu anaogopa, anaandika: "Baadhi wanapendekeza uboreshe mawasiliano." Hakuna aliyeanikwa na hakuna aliyesaidiwa. Ukimaliza sentensi jiulize kama mtathminiwa anaweza kesho asubuhi kufanya jambo fulani kwa tofauti kwa sababu yake. Kama hawezi, rudi kwenye vipande.

Lipo tatizo la wazo lililosemwa na mtu mmoja tu. Kanuni yangu ni kwamba wazo liingie ripotini likiwa limetoka kwa watu wawili au zaidi. Lakini yule anayeungana kwa simu ana hoja ya haki, na ni yeye peke yake anayefanya kazi kutoka mbali. Nikiitaja simu nimemtaja yeye. Nikiifuta kabisa, tatizo lake litaendelea. Nimelificha ndani ya "wale ambao hawako karibu nawe," na huenda lisitoshe. Hapo usiri, tofauti na kutojulikana kabisa, unakupa nafasi moja: unaweza kumrudia. Namtafuta kwa faragha, namsomea sentensi mbili, ile pana na ile inayotaja simu, namwambia, "Hii ya pili itakutambulisha. Unachagua ipi?" Kuna anayesema itaje, nimeshamwambia mwenyewe ana kwa ana. Kuna anayesema ifute. Uamuzi ni wake, si wangu wala wa bosi wangu.

Maneno ya idadi nayo yapangwe mapema na yasibadilike. Mimi hutumia "kadhaa" kwa watu wawili hadi nusu ya kundi, na "wengi" kwa zaidi ya nusu. "Mmoja wenu" silitumii kamwe. Wala siandiki "isipokuwa mmoja, wote wanaona," maana sentensi hiyo ni bango la kutafutwa kwa huyo mmoja.

Rasimu ikikamilika nampa mtu mmoja anayekifahamu kitengo kile lakini hayumo kwenye tathmini na amefungwa na usiri uleule. Namwomba aikisie: kila sentensi, anadhani imetoka kwa nani? Akipatia kwa namna ambayo bahati peke yake isingempa, sentensi hiyo inaandikwa upya. Nami simwambii wapi kapatia. Na akikisia kwa uhakika huku amekosea, hiyo nayo inaandikwa upya. Watu hushangaa hapa. Lakini fikirini: mtathminiwa atakayekisia vibaya atamnunia mtu ambaye hakuandika neno, na mtu huyo hatajua kwa nini, wala hatakuwa na njia ya kujitetea. Tunawajibika kwake sawasawa na aliyeandika.

Zamani kidogo mwenzetu mmoja aliniambia kwamba haya yote ni bure, kwa kuwa watu hukisia tu. Ni kweli hukisia. Ndiyo maana siku ya kukabidhi ripoti ina nidhamu yake. Mtathminiwa atasoma, atatulia, halafu atasema, "Huyu ni wa ghala, sivyo?" Ukisema ndiyo, umevunja ahadi. Ukisema hapana, nayo umeivunja, kwa sababu swali la pili litakuwa "Basi ni wa fedha?" na siku utakaponyamaza atajua. Jibu ni moja kwa kila jina, lililo sahihi na lisilo sahihi: "Sijibu kuhusu mtu yeyote. Tuangalie kitendo chenyewe, unakitambua kwako?" Uso nao ujibu hivyohivyo, wapo wanaosema maneno yaliyonyooka huku nyusi zinataja jina. Na msimpe ripoti saa chache kabla ya kikao na kitengo chake. Mpeni siku mbili tatu hasira ipoe, kisha mkubaliane atawaambia nini walio chini yake. Akienda na kuuliza kila mmoja "Uliandika nini?", kazi yote imeharibika hata kama muhtasari ulikuwa safi.

Mwisho ni maoni ghafi. Atakuja mtu, mara nyingi mkubwa kuliko ninyi, aseme anataka kuyaona "kwa ajili ya kumbukumbu." Jibu la ombi hilo linapaswa kuwa limeandikwa kwenye barua ya mwaliko kabla hata swali la kwanza halijatumwa: nani ataona nini, na tarehe ambayo faili la majina litafutwa. Mimi hulifuta ripoti ikishakabidhiwa na muda wa malalamiko ukipita. Na kabla ya kutuma chochote kwa mtu yeyote, fungueni faili lile la majedwali mkague safu zilizofichwa na saa za kujibu, kwa sababu dodoso lililojazwa saa tisa usiku na mtu mmoja wa zamu lina jina hata kama halikuandikwa. Maswali nitayapokea sasa, mwenyekiti akiruhusu.